Hesabu ya Mikumi: kwa nini wastani wa siku hudanganya

Kila familia inapopanga safari, kuna mmoja kwenye kundi la WhatsApp atakayesema: "Tuweke elfu arobaini kwa kila mtu kwa siku, ya kula na kutembea, yatosha." Wengine wanaitikia, mhazini anazidisha, michango inaanza kuingia. Usafiri na vyumba hupigiwa hesabu kwa makini kwa sababu vina risiti. Chakula, matembezi na viingilio huachiwa ile elfu arobaini.

Makala haya yanahusu hizo elfu arobaini. Nitatumia safari moja ya kubuni, lakini ya aina ambayo familia nyingi za Dar es Salaam huifanya: siku nne Mikumi, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Jumamosi ni ya kuangalia wanyama, na Jumapili ni ya kupanda hadi maporomoko ya Sanje kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Mikumi kwa barabara ya Ifakara. Wasafiri ni saba: baba, mama, bibi, shangazi aliyehamia Uingereza na sasa ana pasi ya huko, kijana wa miaka 16, binti wa miaka 12 na mdogo wao wa miaka 4.

Watu saba kwa siku nne, kwa elfu arobaini kila mmoja, ni Sh 1,120,000. Nikikuonyesha mchanganuo wote mbele huko utaona kwamba jumla hii haiko mbali na ukweli. Hapo ndipo mtego ulipo. Jumla inaweza kuwa sahihi na mpango ukavunjika vilevile, kwa sababu jumla haikuambii pesa zitahitajika siku gani, ni za nani, na zitapungua kiasi gani ukimwacha mtu mmoja nyumbani.

Kila gharama ina kipimo chake

Kabla ya kuandika bei yoyote, jiulize gharama hiyo inahesabiwa kwa nini. Kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa kichwa, lakini vichwa havilingani bei. Gari la kuzungukia mbugani linahesabiwa kwa gari, wakae watatu au saba. Mwongozaji wa kupanda mlima anahesabiwa kwa kundi. Chakula kinahesabiwa kwa mlo, na nyama choma inahesabiwa kwa kilo. Maji yanahesabiwa kwa katoni.

"Kwa mtu kwa siku" si kipimo cha hata kimoja kati ya hivyo. Ni matokeo ya kugawanya baada ya hesabu kwisha, na ukianza nacho umeanzia mwisho. Ndiyo maana swali la "tukimwacha bibi apumzike hotelini Jumamosi tutaokoa kiasi gani?" huwashinda wengi. Mwenye wastani atasema elfu arobaini. Jibu la kweli ni kiingilio chake tu, chini ya elfu sita, kwa kuwa gari litalipiwa bei ileile na bibi atakula popote atakapokuwa.

Kiingilio: umri, hati na kodi

Hiki ndicho kipande rahisi kukihesabu kwa uhakika, na bado watu hukikosea, kwa sababu husoma mstari mmoja wa jedwali la bei wakaishia hapo.

Viwango vya kuingia hifadhi za taifa Tanzania hupangwa na TANAPA, na hutangazwa kwa mwaka wa fedha, yaani kuanzia Julai mosi. Anayesafiri Agosti kwa bei aliyoambiwa na rafiki aliyekwenda Machi anaweza kukuta viwango vingine. Jedwali lenyewe linatenga watu kwa mambo mawili: uraia au ukazi, na umri. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao kwa shilingi, kwa hiyo Mkenya au Mganda mwenye hati yake analipa kama Mtanzania. Wageni wasio wakazi wana kiwango chao kwa dola. Kati yao wapo wageni wanaoishi nchini kwa kibali.

Kwa Mikumi nitatumia viwango hivi: mtu mzima wa Afrika Mashariki Sh 5,000, mtoto wa miaka 5 hadi 15 Sh 2,000, na mgeni asiye mkazi dola 30. Wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Kabla ya safari yako angalia jedwali la mwaka huo, na ukiliona, tafuta maandishi madogo kuhusu kodi. Viwango hivi huandikwa bila VAT. Asilimia 18 inaongezwa juu, na ndiyo maana langoni hulipi Sh 5,000 bali Sh 5,900, mtoto Sh 2,360, na mgeni dola 35.40.

Sasa tuwapange wasafiri wetu. Baba, mama na bibi ni watu wazima. Kijana wa miaka 16 naye ni mtu mzima mbele ya jedwali, hata kama nyumbani bado anaambiwa akalale saa tatu. Binti wa miaka 12 ni mtoto. Mdogo wa miaka 4 anaingia bure, lakini beba cheti chake cha kuzaliwa kama umbo lake ni kubwa kuliko umri wake.

Anabaki shangazi. Kazaliwa Morogoro, Kiswahili chake ni kilekile, lakini jedwali halisomi lafudhi. Linasoma pasi. Kwa kuwa ana pasi ya kigeni na haishi nchini, yumo kwenye kundi la dola. Tukichukulia dola moja ni Sh 2,600, kiingilio chake peke yake ni Sh 92,040.

Watu wazima wanne wa Afrika Mashariki ni Sh 23,600. Ukiongeza binti unafika Sh 25,960. Ukiongeza shangazi, jumla ni Sh 118,000. Wastani wake kwa watu saba ni karibu Sh 17,000, namba ambayo hakuna hata mmoja kati yao atakayeilipa. Nashauri mstari wa shangazi uandikwe peke yake tangu mwanzo, ukiwa kwa dola, na ubadilishwe kuwa shilingi siku ya mwisho ya kufunga bajeti. Hapo familia itazungumza mapema, bila aibu ya langoni, nani analipa: yeye mwenyewe, kaka yake, au mfuko wa wote.

Mambo mawili zaidi kuhusu kibali cha kuingia hifadhini. Kwanza, hifadhi hazipokei pesa taslimu langoni. Malipo hupitia kontrol namba, kwa benki au simu, au kadi. Pesa ya viingilio iwe kwenye simu au kadi yenye kikomo cha kutosha, pamoja na makato ya muamala. Bahasha ya noti haitakusaidia.

Pili, na hili ndilo linaloharibu bajeti za wengi: kibali cha siku kina saa zake, na kwa kawaida ni cha kuingia mara moja. Ukiingia asubuhi, ukatoka saa saba kwenda kula mjini, ukarudi alasiri kutafuta simba, unaweza kuambiwa ulipe upya. Kwa familia yetu hiyo ni Sh 118,000 nyingine kwa sababu ya sahani za ubwabwa. Kwa hiyo huwezi kukadiria kiingilio bila kujua mchana mtakula wapi. Chakula na kiingilio hukaa kwenye safu mbili tofauti za jedwali lako, lakini Jumamosi ni uamuzi mmoja.

Gari na mwongozaji: bei ya kundi

Familia ina Noah yake, na kuna atakayeuliza kwa nini wasiingie nayo. Wanaweza. Gari nalo hulipiwa, kwa kiwango kinachotegemea uzito wake na mahali liliposajiliwa, na kwa gari la kawaida la Tanzania kiasi hicho ni kidogo sana kuliko kukodi. Lakini Noah iko chini. Kwenye uwanda wa Mkata, ambako wanyama wengi wa Mikumi huonekana, udongo mweusi ukishalowa hauna huruma na magari ya namna hiyo, na hata wakati wa kiangazi bibi aliyekaa kiti cha nyuma ataona majani tu. Tuseme wamekubaliana kukodi gari la wazi la kitalii kwa Sh 250,000 kwa siku.

Hii ni bei ya kupigia simu. Usiikisie. Na simu yenyewe iwe na maswali ya kueleweka:

"Kaka, hiyo laki mbili na nusu ni pamoja na kiingilio cha gari?"

"Gari na dereva viko ndani. Viingilio vyenu mnajilipia."

"Na mafuta?"

"Yamo. Ila mkitaka kuzunguka hadi jioni badala ya nusu siku, tunaongea."

Jibu la mwisho ndilo linalokosekana kwenye bajeti nyingi. "Siku" ya mwenye gari inaweza kuishia saa saba mchana. Kama familia imepanga kushinda mbugani na kula humo ili kukwepa kulipa kiingilio mara mbili, gari nalo lazima liwe la siku nzima, na bei iulizwe hivyo. Tuchukulie laki mbili na nusu yetu ni ya kutwa.

Kwa gharama za kundi, mtu wa saba ni karibu bure. Gari hilo likiwa na watu watatu, kila mmoja anabeba zaidi ya Sh 83,000. Likiwa na saba, ni chini ya Sh 36,000. Kwa upande mwingine, kuna siku mtu wa ziada hukulazimisha kukodi gari la pili, na hapo gharama hupanda laki mbili na nusu kwa kichwa kimoja. Uliza idadi ya viti kabla ya kumkaribisha binamu.

Jumapili ni tofauti. Njia ya kwenda Sanje ni ya miguu, ina mwinuko, na maporomoko yenyewe yana kimo cha mita 170 hivi. Bibi hataki hata kusikia. Mama anabaki naye hotelini pamoja na mdogo. Wanaopanda ni baba, shangazi, kijana na binti. Kwa urahisi wa hesabu tuchukulie viingilio vya Udzungwa ni vilevile vya Mikumi. Baba na kijana ni Sh 11,800, binti Sh 2,360, shangazi Sh 92,040. Jumla ni Sh 106,200. Wamekwenda wanne badala ya saba, na gharama imeshuka kwa Sh 11,800 tu, kwa sababu aliye ghali yumo katika safari zote mbili. Mwongozaji wa kundi tumuwekee Sh 30,000.

Viingilio vya siku zote mbili vinafika Sh 224,200, na kati ya hizo Sh 184,080 ni za shangazi. Kama pesa haitoshi na kuna kitu kikubwa cha kujadili, ni kama shangazi apande Sanje au la. Kubana soda za watoto hakutafika popote karibu na hapo. Sisemi abaki. Kasafiri kutoka mbali, na huenda maporomoko ndiyo aliyoyajia. Nasema tu kwamba huo ndio mjadala wenye pesa ndani yake.

Chakula: hesabu milo, kisha vinywaji

Kwenye chakula watu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wengine huzidisha milo mitatu kwa kila siku na kusahau kwamba chai ya asubuhi imo kwenye bei ya chumba. Wengine huhesabu sahani na kusahau kila kinachonywewa.

Anza kwa kuandika milo yote ya safari kwa mpangilio, kisha futa iliyokwisha kulipwa. Kwa familia yetu chai za asubuhi ni tatu na hoteli inazitoa. Hapa pia kuna swali la simu: hoteli nyingi zinapotangaza chumba pamoja na chai, chai hiyo ni ya watu wawili. Chumba cha watu watatu chenye chai mbili kitakudai ya tatu kila asubuhi. Tuseme hoteli yetu imekubali kuwanywesha chai wote saba.

Inabaki milo saba ya kulipia: chakula cha mchana mara nne na cha usiku mara tatu. Mdogo wa miaka 4 anakula kwenye sahani ya mama yake, kwa hiyo kila mlo ni sahani sita. Bei ninazoweka hapa ni za kukadiria, na ukipata za kwako zibadilishe.

Ijumaa mchana wanakula njiani, Morogoro, kwa Sh 8,000 sahani. Hiyo ni Sh 48,000. Usiku wanakula mgahawani mjini Mikumi kwa Sh 10,000 sahani, Sh 60,000.

Jumamosi mchana wako mbugani. Hoteli inawafungashia chakula kwa Sh 15,000 kila mmoja, jumla Sh 90,000. Ndio mlo wa mchana wa bei kubwa kuliko yote katika safari, na mara nyingi ni kipande cha kuku, yai, ndizi na juisi ya boksi. Anayepata jiko anaweza kupika pilau usiku wa kuamkia Jumamosi, akaliweka kwenye hotipoti, na mlo ukashuka hadi Sh 35,000 au hapo karibu. Hapo ndipo kubana kunalipa: tofauti ya elfu hamsini na tano kwa mlo mmoja, bila yeyote kujisikia amenyimwa kitu. Lakini usibane kwa kutoka nje ya hifadhi kwenda kula, kwa sababu tuliyokwisha kuiona. Kwenye hesabu hii naacha zile Sh 90,000, ili tuone hali ilivyo bila pilau.

Jumamosi usiku ni nyama choma. Usiihesabu kwa sahani. Kilo tatu za mbuzi kwa Sh 18,000 ni Sh 54,000. Ongeza ugali, ndizi na kachumbari Sh 16,000, unafika Sh 70,000. Makadirio ya nusu kilo kwa kila anayekula, watoto wakiwemo, ni ya kutosha kwa familia ya kawaida. Kama kijana wako wa miaka 16 anafanana na wengi ninaowafahamu, ongeza nusu kilo.

Jumapili mchana kundi limegawanyika, na hapo bajeti nyingi huhesabu kama vile wote wako pamoja. Wapandaji wanne wanakula Mang'ula, karibu na lango la Udzungwa, kwa Sh 7,000 sahani, Sh 28,000. Mama na bibi hawakwenda popote, lakini wanakula hotelini, ambako sahani ni Sh 14,000. Hizo nazo ni Sh 28,000. Wawili waliobaki wametumia sawa na wanne waliokwenda, na mwenye mpango hakuwawekea senti kwa kuwa "hawana shughuli siku hiyo". Usiku wanarudi mgahawani, Sh 60,000. Jumatatu mchana wanakula Morogoro tena, Sh 48,000.

Chakula chote ni Sh 432,000.

Kisha vinywaji. Watu saba kwenye joto la Mikumi wanamaliza katoni moja ya maji ya chupa kubwa kwa siku. Tuseme Sh 10,000. Soda au juisi mbili kwa kila mtu isipokuwa mdogo ni chupa 12 kwa siku, na kwa kuchanganya bei ya duka na bei ya hoteli tuweke Sh 1,500 kila moja, Sh 18,000. Jumla ni Sh 28,000 kwa siku, Sh 112,000 kwa siku nne. Hiyo ni zaidi ya robo ya chakula chote, na ndiyo pesa ambayo hakuna anayeikumbuka anapoulizwa baadaye zilikwendaje. Katoni za maji zinunuliwe Dar au Morogoro na zipakiwe kwenye Noah. Chupa moja moja ya hoteli itaongeza gharama hii haraka sana.

Siku zinapowekwa mezani

Sasa tujumlishe kila siku kivyake. Jumamosi nimeongeza Sh 20,000 za kumshukuru dereva, na Jumapili Sh 15,000 za mwongozaji.

| Siku | Chakula na vinywaji | Viingilio | Gari, mwongozaji, ahsante | Jumla (Sh) |
|---|---|---|---|---|
| Ijumaa | 136,000 | – | – | 136,000 |
| Jumamosi | 188,000 | 118,000 | 270,000 | 576,000 |
| Jumapili | 144,000 | 106,200 | 45,000 | 295,200 |
| Jumatatu | 76,000 | – | – | 76,000 |

Jumla kuu ni Sh 1,083,200. Mpendekezaji wa elfu arobaini alitabiri Sh 1,120,000, kwa hiyo amekosea kwa chini ya elfu arobaini. Ni makisio mazuri mno, na bado yangemwangusha. Mpango wake ulikuwa wa Sh 280,000 kila siku. Jumamosi inahitaji zaidi ya mara mbili ya hizo, na ndiyo siku ambayo zaidi ya nusu ya pesa zake inatakiwa kabla ya saa moja asubuhi, kiingilio kwa simu na gari kwa makubaliano na mwenye gari. Kama michango inaingia kidogo kidogo, au kama baba anatoa pesa kila asubuhi kwa kipimo cha siku, safari inakwama langoni huku pesa za Jumatatu zipo.

Kwa hiyo pesa ziwe tayari kufuata umbo la jedwali. Viingilio na gari viwe vimekusanywa kabla ya kuondoka. Chakula kinaweza kwenda kwa siku.

Akiba iwekwe mahali penye wasiwasi

Kuna desturi ya kuongeza asilimia kumi juu ya jumla yote. Kwa safari hii ni kama Sh 108,000. Sina ugomvi na kiasi hicho, ila hakikuambii ni cha nini, na pesa isiyo na kazi huishia kwenye soda.

Viingilio havihitaji akiba. Bei inajulikana hadi shilingi ya mwisho, ila kwa sehemu ya dola. Shangazi analipa dola 70.80 kwa siku mbili, kwa hiyo dola ikipanda kwa Sh 100 familia inaongeza Sh 7,080. Gari nalo halihitaji akiba kama umekwisha kukubaliana saa za kurudi. Wasiwasi uko kwenye chakula na vinywaji, Sh 544,000. Asilimia 15 ya hizo ni Sh 81,600. Ukijumlisha na tahadhari ya dola, akiba yote haifiki Sh 90,000, na kila shilingi ina mahali pake.

Mvua ni wasiwasi wa aina nyingine. Haiongezi gharama, inahamisha siku. Masika, kati ya Machi na Mei, njia ya Sanje inaweza kuteleza kiasi cha kuahirishwa, na familia yote saba ikabaki hotelini Jumapili ikila kwa Sh 14,000 sahani. Usilipie kontrol namba ya Udzungwa Ijumaa kwa sababu tu uko na pesa mkononi. Subiri hadi uwe na uhakika wa siku. Na kama unasafiri msimu huo, andika jedwali la pili la Jumapili isiyo na mlima: viingilio na mwongozaji vinafutika, sahani nne za Mang'ula zinakuwa za hoteli, zikiongezeka kutoka Sh 28,000 hadi Sh 56,000.

Kusahihisha ukiwa njiani

Mlo wa Ijumaa usiku ndio kipimo cha kwanza cha kweli. Uliweka Sh 10,000 kwa sahani. Ukilipa Sh 13,000, usijifariji kwamba ni mara moja tu, kwa sababu mlo wa Jumapili usiku uko mgahawa uleule. Badilisha bei ya milo yote miwili. Milo miwili kwa sahani sita kwa nyongeza ya Sh 3,000 ni Sh 36,000, karibu nusu ya akiba ya chakula, na unalijua hilo ukiwa na siku tatu mbele yako. Angalia pia soda: kama usiku wa kwanza tu pesa za soda za siku zimepita Sh 18,000, sababu huwa ni moja kati ya mbili, watu ni zaidi ya uliowahesabu au bei ni ya hoteli badala ya duka. Ya pili hutibiwa kwa kuvuka barabara.

Ikionekana Ijumaa usiku kwamba akiba haitatosha, pa kupunguza ni pachache. Jumamosi gari halipungui hata akibaki mtu. Kiingilio cha Mtanzania mmoja ni Sh 5,900. Vinavyobaki ni chakula cha kufungasha cha Jumamosi, ambacho bado kinaweza kugeuzwa mkate, mayai ya kuchemsha na matunda ya sokoni Mikumi kama hoteli itaarifiwa usiku huohuo kabla haijaanza kuandaa, na tiketi ya pili ya shangazi. Hilo la tiketi aulizwe shangazi mwenyewe, faragha, na mtu mmoja tu.